Esei ya nyuromaketing: maswali mnayoniuliza kila muhula kuhusu madai yake, kama yanaaminika na kama ni sawa kimaadili

Nimeyakusanya hapa maswali ambayo wanafunzi wa utafiti wa walaji wananiuliza kila ikifika wiki ya esei, maana naona narudia kujibu mambo yaleyale kwenye meseji mpaka usiku. Soma kwa mpangilio kama unaweza, kwa sababu majibu ya chini yanategemea ya juu.

Kwanza, nyuromaketing ni nini hasa? Kila pepa inasema kivyake.

Ni kumpima mtu mwili au ubongo wake wakati anaangalia tangazo, bidhaa au bei, badala ya kumuuliza tu "umeipenda?". Vifaa vikubwa ni viwili. Kuna fMRI, ile mashine kubwa ya hospitali ambayo mtu analazwa ndani yake na inapima damu yenye oksijeni inavyoelekea sehemu fulani za ubongo, na kuna EEG, ile kofia yenye vinasa umeme inayosoma umeme wa ubongo kutoka juu ya ngozi ya kichwa. Wengine wanaongezea kufuatilia macho yanatazama wapi, jasho la vidole, na kamera inayosoma sura. Usizichanganye zote ukaziita "teknolojia ya ubongo" halafu ukazihukumu kwa pamoja, kwa sababu jicho linavyopimwa na damu inavyopimwa ni vitu viwili tofauti kabisa na udhaifu wao sio mmoja.

Esei inasema "tathmini madai". Nichague madai mangapi?

Moja, mawili yakizidi. Esei nyingi ninazopokea zina madai kumi na mbili, kila moja limepewa sentensi mbili, na hakuna hata moja lililofuatwa mpaka mwisho. Mimi ningependa uchukue dai moja ulishike mkononi, uulize walipima nini, kwa nani, walitokaje kwenye kipimo wakafika kwenye maneno waliyoandika, na mwisho nani angeumia kama dai ni la uongo na nani angeumia kama ni la kweli. Hilo swali la mwisho ndilo linaunganisha uaminifu na maadili, nitalirudia huko chini kwa sababu ndipo watu wengi wanapotereza.

Nipe mfano wa dai zuri la kuchukua.

Chukua la iPhone. Mwishoni mwa Septemba 2011 Martin Lindstrom, mshauri wa brandi maarufu sana, aliandika maoni kwenye gazeti la New York Times kwamba watu wanaipenda iPhone, na hakumaanisha kupenda kwa kawaida kama unavyopenda kiatu, alimaanisha mapenzi yenyewe. Walichukua vijana 16, wanaume 8 na wanawake 8, wakawaweka kwenye mashine ya fMRI wakawasikilizisha na kuwaonyesha iPhone inayolia na kutetema. Wakaona sehemu ya ubongo inayoitwa insula inafanya kazi sana, na kwa kuwa insula inahusishwa na hisia za upendo na huruma, basi, hitimisho, hawa vijana wanaipenda simu yao kama wanavyompenda mpenzi au mzazi.

Siku chache baadaye gazeti lilelile likachapisha barua ya Russell Poldrack, mtafiti wa ubongo, iliyosainiwa na wataalamu wenzake zaidi ya 40 wakipinga. Huwa ni nadra watu wengi hivyo wa fani moja kusaini barua moja kuhusu makala moja ya gazeti. Ndio maana nasema ni kesi nzuri ya esei, una dai, una kipimo, una hitimisho na una pingamizi la wataalamu, vyote hadharani.

Lakini insula si kweli iliwaka? Sasa kosa liko wapi?

Iliwaka, tukubali iliwaka. Kosa liko kwenye njia ya kurudi. Kujua kwamba mtu akihisi upendo insula inawaka hakukupi ruhusa ya kusema kwamba insula ikiwaka mtu anahisi upendo. Ni kama kusema mwenye malaria anapata homa, huyu ana homa, basi ana malaria. Kila mzazi wa huku anajua homa inaletwa na vitu vingi, na ndio maana tunapima damu kwanza kabla ya kununua dawa. Poldrack aliandika kuhusu hoja hii ya kurudi kinyumenyume tangu 2006, miaka mitano kabla ya stori ya iPhone, kwa hiyo haikuwa siri kwa mtu yeyote wa fani.

Na insula ni homa kweli kweli. Inahusika na maumivu, na kichefuchefu, na kuchukia uvundo, na kusikia moyo wako unavyodunda, na ladha, na kugutuka kitu muhimu kikitokea. Barua ile ilisema insula inaonekana kuwaka kwenye karibu theluthi moja ya tafiti zote za picha za ubongo. Simu ikilia ghafla masikioni mwako ukiwa umelala ndani ya bomba la mashine, unaweza kugutuka tu, na hilo peke yake lingetosha kuiwasha.

Ngoja tulifanyie hesabu, maana ukiiweka hii hesabu kwenye esei mwalimu ataona umeelewa. Namba ninazotumia ni za kudhania isipokuwa ile theluthi, na hata theluthi naitumia kwa kukadiria, maana theluthi ya tafiti sio sawasawa na theluthi ya matukio, sema hivyo wazi kwenye esei yako. Chukua matukio 1,000 ya mtu kuangalia kitu kwenye mashine. Tuseme 200 kati yake mtu anahisi upendo kweli, na 800 anahisi kitu kingine. Tuwe wakarimu, tuseme upendo unaiwasha insula mara 80 kwa kila 100, kwa hiyo kwenye zile 200 tunapata 160. Kwenye zile 800 nyingine insula inawaka theluthi, ambayo ni kama 267. Jumla insula imewaka mara 427, na kati ya hizo za upendo ni 160. Gawanya, unapata kama asilimia 37. Kwa hiyo hata tukimpa mwandishi kila upendeleo, ukiona insula imewaka uwezekano mkubwa ni kwamba sio upendo. Sasa jaribu kubadilisha ile theluthi iwe sehemu ya ubongo inayowaka mara 5 tu kwa 100 kwenye mambo mengine, utapata 160 dhidi ya 40, yaani asilimia 80. Hapo ndipo unaona kwamba hoja ya kurudi nyuma sio haramu siku zote, inategemea hiyo sehemu inahusika na kazi ngapi, na insula ni mojawapo ya zinazohusika na nyingi mno.

Watu 16, hao si wachache mno? Naweza kusema hilo tu nikamaliza?

Ni wachache ndio, ila usimalizie hapo. Uchache wa watu una madhara mawili na wanafunzi wengi wanalijua moja tu. La kwanza ni kwamba unaweza kukosa kitu ambacho kipo. La pili ambalo ni baya zaidi ni kwamba ukikipata, ukubwa wake unakuwa umetiwa chumvi, kwa sababu kwenye kundi dogo ni matokeo makubwa tu ndiyo yanaweza kuvuka mstari wa takwimu, madogo ya kweli yanabaki nje. Katherine Button na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba tafiti za sayansi ya ubongo kwa ujumla zina nguvu ya takwimu ndogo sana, katikati ni kama asilimia 21, yaani athari ikiwepo kweli wangeikamata kama mara moja kwenye kila mara tano.

Halafu kuna tatizo la wingi wa vipimo. Picha ya fMRI inakatwa vipande vidogo vinaitwa vokseli, ni makumi elfu, na kila kipande kinafanyiwa mtihani wake. Ukipima vokseli 50,000 kwa kiwango cha kosa moja kwa elfu, utapata kama 50 zinazowaka hata kama hakuna chochote kinachoendelea. Craig Bennett na wenzake walilionyesha hili mwaka 2009 kwa kumweka samaki aina ya samoni aliyekwisha kufa ndani ya mashine, wakamwonyesha picha za watu na kufuata utaratibu wote kama ni mtu, na bila kusahihisha hesabu kwa ajili ya wingi wa vipimo wakapata vokseli "zinazofanya kazi" kwenye ubongo wa samaki mfu. Kwa hiyo kwenye esei yako uliza, hawa watu walisahihisha kwa wingi wa vipimo? Makala ya iPhone ilikuwa maoni ya gazeti, haikuwa na sehemu ya mbinu, wewe msomaji huna hata pa kuangalia, na kukosekana huko ni hoja yako kamili, iandike.

Basi nyuromaketing yote ni uongo?

Hapana, na nakuomba sana usiandike hivyo. Ukiandika hivyo umefanya kosa lilelile la Lindstrom ila kwa upande wa pili.

Kuna tafiti ambazo zilipangwa vizuri. Ninayoipenda mimi ni ya Emily Falk na wenzake ya 2012, Marekani. Walichukua wavutaji sigara kama 30 waliokuwa wanataka kuacha, wakawaonyesha matangazo ya kampeni tatu za kuacha sigara, tuziite A, B na C, kila tangazo lina namba ya simu ya kupiga kupata msaada. Waliwauliza ni lipi litafaa zaidi, na kwa wakati huohuo wakapima sehemu ya mbele katikati ya ubongo. Jambo la msingi ni kwamba hiyo sehemu walishaichagua kabla kutokana na utafiti wao wa nyuma, hawakuvua samaki ubongo mzima wakachagua aliyenasa. Watu kwa midomo yao waliiweka B juu na C chini kabisa. Ubongo ulisema kinyume, C juu, halafu B, halafu A. Ilipokuja kuangaliwa idadi ya simu zilizopigwa kweli baada ya matangazo kurushwa, C ndiyo iliongoza, halafu B, halafu A, vilevile ubongo ulivyosema.

Angalia tofauti na ya iPhone. Falk hakusema "hawa wanahisi kitu fulani". Alisema hiki kipimo kitapanga kampeni kwa utaratibu huu, halafu akaenda kwa watu wengine kabisa, wale waliopiga simu, kuangalia. Hakuhitaji kuipa jina hisia yoyote. Hilo ni dai linaloweza kuanguka, na dai linaloweza kuanguka likasimama lina thamani.

Sasa lipime na hilo pia, usilibusu tu. Kampeni zilikuwa tatu. Vitu vitatu vinaweza kupangwa kwa njia sita, kwa hiyo mtu anayebahatisha ana nafasi moja kati ya sita ya kupatia mpangilio mzima, ambayo ni kama asilimia 17. Ni ushahidi mzuri wa mwanzo lakini haitoshi mtu aende akauze huduma kwa kampuni ya sabuni akisema tumethibitisha. Pia ilikuwa afya, mtu ana nia tayari ya kuacha sigara, sio mtu amesimama dukani anachagua kati ya juisi mbili anazozijua tangu utotoni.

Ukitaka ya kibiashara zaidi soma ya Vinod Venkatraman na wenzake ya 2015, walilinganisha fMRI, EEG, macho, mwili na dodoso za kawaida kuona nini kinaeleza mauzo kutokana na matangazo. fMRI iliongeza kitu juu ya dodoso. Lakini soma vizuri hilo neno iliongeza, dodoso zenyewe tayari zilikuwa zinaeleza kiasi kikubwa. Kwa hiyo "watu hawajui wanachotaka, uliza ubongo" hata utafiti huu hausemi hivyo.

Kampuni nyingi zinatumia EEG sio fMRI. Hoja zako zinahamia huko pia?

Nusu zinahamia, nusu hapana. Uzuri wa EEG ni kasi, inaona mabadiliko ndani ya milisekunde, wakati fMRI inasubiri damu na damu inachelewa sekunde kama 4 mpaka 6. Ubaya wake ni mahali. Umeme unapita kwenye fuvu na ngozi unasambaa, na sehemu za ndani kabisa za ubongo zinazohusishwa na kutamani tuzo EEG haizifikii vizuri. Kwa hiyo ukikuta ripoti ya kampuni inasema kofia yao imepima "kituo cha raha", hapo una la kuuliza.

Halafu kuna uchafu wa ishara. Kupepesa jicho mara moja kunatoa umeme mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa ubongo unaoutafuta, kung'ata meno pia, kugeuza shingo pia. Unasafisha kwa programu, na hapo katikati ya kusafisha kuna maamuzi mengi ambayo klayenti haoni.

Nilifanya kazi ya usaidizi kwenye mradi mmoja wa kupima matangazo ya kinywaji, sitaitaja kampuni. Vile vinasa vinatakiwa viguse ngozi ya kichwa. Wadada waliokuja na nywele zimesukwa, au wamevaa wigi, au wenye nywele nyingi za asili, vinasa havikugusa vizuri, ishara ikawa mbovu, na maelekezo yalikuwa ishara mbovu mtoe. Mwisho wa siku nikahesabu kwenye daftari langu, kati ya wanawake 22 waliofika tulibaki na 9, na wengi wa hao 9 walikuwa na nywele fupi. Kwenye ripoti iliandikwa tu kwamba sampuli ni wanawake wa mjini wa miaka 18 mpaka 35. Hakuna mahali ilisema ni wanawake wenye nywele fupi. Ile bidhaa walengwa wake wakubwa walikuwa haohao tuliowarudisha nyumbani na nauli. Liliniuma na bado linaniuma, kwa sababu hakuna aliyekusudia ubaya lakini zaidi ya nusu ya watu walifutwa na hakuna aliyeandika. Kama unaandika kuhusu utafiti wa EEG huku kwetu, tafuta sentensi inayosema wangapi walitolewa na kwa nini. Isipokuwepo, sema haipo.

Je, ukizipa kampuni tofauti tangazo moja zinatoa jibu moja?

Hili ni swali zuri kuliko yote ya uaminifu na linaulizwa na wachache. Marekani taasisi ya utafiti wa matangazo, Advertising Research Foundation, ilifanya mradi kwenye 2010 na 2011, kampuni nane zikapewa matangazo yaleyale zikaambiwa kila mmoja apime kwa njia yake. Baadaye, 2015, Duane Varan na wenzake wakachapisha uchambuzi kuhusu kuaminika kwa vipimo vya kampuni hizi na walichokuta ni kwamba havikubaliani vizuri, hata pale vilipokuwa na jina moja. Kampuni moja inakwambia "umakini" ulipanda kwenye sekunde fulani, nyingine nayo inakwambia "umakini" ila mstari wake unaenda njia nyingine.

Fikiria mizani ya sokoni. Ukipima kilo ya sukari kwenye mizani mbili moja inasema kilo nyingine inasema nusu, hauhitaji kujua ipi ni ya kweli kujua kwamba huwezi kununua kwa kuziamini zote. Na hapa tatizo ni zito zaidi kwa sababu fomula nyingi ni siri ya biashara, kwa hiyo mtu wa nje hawezi kurudia hesabu. Kwenye esei tofautisha haya mawili, kukubaliana kwa vipimo na usahihi wa vipimo. Vinaweza kukubaliana vyote na vyote vikawa vimekosea, lakini visipokubaliana haviwezi vyote kuwa sahihi.

Ile "asilimia 95 ya maamuzi ya kununua yanafanyika bila kujijua", naweza kuitumia kama utangulizi?

Usiitumie kama ukweli. Ilienezwa sana kutokana na maandishi ya Gerald Zaltman wa Harvard mwaka 2003, na ukiifuata huwezi kufika kwenye jaribio lililokaa likahesabu maamuzi likapata 95. Unaweza kuitumia kama mfano wa namba inayozunguka bila mzazi, hapo itakusaidia.

Sasa maadili. Niandike kwamba wanatutawala akili?

Hapa ndipo nilisema watu wanatereza. Esei ya kawaida ukurasa wa tatu inasema nyuromaketing haiaminiki, ni sayansi dhaifu, halafu ukurasa wa sita inasema nyuromaketing inavunja uhuru wa mlaji kwa kubonyeza kitufe cha kununua ndani ya ubongo wake. Vyote viwili haviwezi kuwa kweli kwa mashine ileile siku ileile. Kama kipimo hakijui hata tofauti ya upendo na kugutuka, hakiwezi kuwa kinakutawala.

Kwa hiyo maadili yako yajenge juu ya kile ulichokikuta kwenye uaminifu. Ukikuta dai ni dhaifu, kama la iPhone, basi wa kuumia kwanza ni klayenti aliyelipa na msomaji aliyeaminishwa, na kosa la kimaadili ni kuuza uhakika ambao haupo. Hili watu wanalidharau wakidhani maadili ni mambo ya kutisha tu, lakini mjasiriamali anayekopa benki kubadilisha vifungashio vyake kwa sababu ameambiwa ubongo umesema, halafu ripoti ilitokana na watu 9, ameumizwa kweli. Na ukikuta dai lina nguvu kiasi, kama la Falk, basi swali linakuwa nani anaruhusiwa kutumia kipimo hicho na kwa ajili ya nini. Kampeni ya kuacha sigara na kampeni ya kuuza sigara zinaweza kutumia mashine ileile. Au kampuni ya kubeti inayotafuta tangazo litakalomvuta kijana aliyeshindwa juzi. Huko ndiko mimi ningeweka uzito, kwa sababu hatari haihitaji kitufe cha uchawi, inahitaji tu tangazo bora kidogo, likarudiwa mara milioni, kwa watu ambao tayari ni dhaifu kwenye hilo jambo.

Ridhaa ya mshiriki si inatosha? Alisaini fomu.

Alisaini kuangalia matangazo. Je, alisaini data yake ya ubongo ibaki kwenye seva miaka kumi, iuzwe kwa kampuni nyingine, itumike kufundisha programu? Alisaini akijua kwamba picha ya fMRI inaweza kuonyesha uvimbe kichwani, na kama upo nani atamwambia? Hospitali ina daktari wa kusoma hizo picha, kampuni ya matangazo mara nyingi haina. Uliza pia alilipwa nini, maana elfu ishirini kwa mtu asiye na kazi inaweza kumfanya asaini chochote bila kusoma.

Sheria zinasemaje?

Zinatofautiana sana na usiziweke kapu moja. Ufaransa kwenye sheria yao ya maadili ya kibiolojia ya 2011 iliruhusu upigaji picha wa ubongo kwa tiba, utafiti wa kisayansi na ushahidi wa kitaalamu mahakamani, kwa hiyo matumizi ya kibiashara yakabaki nje. Chile iliingiza ulinzi wa shughuli za ubongo kwenye katiba mwaka 2021, na 2023 Mahakama yao ya Juu iliamua dhidi ya kampuni ya Emotiv, inayouza vifaa vya EEG vya kuvaa kichwani, ikaiamuru ifute data ya ubongo ya aliyekuwa seneta, Guido Girardi. Colorado huko Marekani 2024 iliongeza data za mfumo wa fahamu kwenye sheria yake ya faragha.

Kwetu, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zote zina kundi la taarifa nyeti, na afya imo, lakini hazitaji ubongo kwa jina. Hapo una nafasi ya kubishana vizuri kwenye esei, je, grafu ya EEG ya mtu akiangalia tangazo la soda ni taarifa ya afya? Mimi nasema inafaa ichukuliwe hivyo, kwa sababu EEG hiyohiyo ndiyo daktari anatumia kutafuta kifafa, na karatasi haibadiliki kuwa kitu kingine kwa sababu aliyeishika ni mtu wa mauzo.

Naweza kutumia tovuti ya kampuni ya nyuromaketing kama chanzo?

Kama ushahidi kwamba kampuni inadai hivyo, ndiyo, na hiyo ni matumizi mazuri kabisa. Kama ushahidi kwamba dai ni kweli, hapana. Ukitaka kujua kama kampuni iko makini, tafuta vitu hivi kwenye ripoti yao, idadi ya walioanza na waliobaki, kipimo kilichaguliwa kabla au baada ya kuona data, kilijaribiwa kwa watu wapya au kwa walewale, na walilinganisha na dodoso la bei rahisi au hapana. Hilo la mwisho linasahaulika sana. Kama dodoso la kawaida lingetoa jibu lilelile, basi kofia ya EEG haikuongeza kitu zaidi ya bei.

Nimeandika iPhone tayari na esei ni ya kesho, nikague nini kwanza?

Tafuta kila mahali ulipoandika "ubongo unaonyesha kwamba walaji wanahisi". Kwa kila sentensi ya namna hiyo jiulize walipima nini kwa mashine, halafu andika hicho walichopima kwanza na hisia baadaye kama tafsiri ya mwandishi. Halafu fungua ukurasa wako wa uaminifu na wa maadili uviweke pembeni kwa pembeni usome kwa sauti, uone kama nguvu ya mashine kwenye ukurasa mmoja ni ileile kwenye mwingine. Kama sio, rekebisha wa maadili, usiuguse wa uaminifu.